Njia Iliyokatikia Mlimani

Watu wa studio walimwita Dira, na jina hilo alipewa kwa kejeli. Mwanamke huyu hupotea mtaani kwake mwenyewe akiwa na mfuko wa mboga mkononi. Siku yake ya kwanza kazini alipanda ngazi za jengo la jirani, akaketi kwa daktari wa meno, akasubiri kwa adabu zote mpaka alipoitwa ndani kung'olewa jino. Kaka yake, mwenye studio hiyo iliyokuwa juu ya duka la vigae, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwambia, "Ndiyo maana nimekuchukua. Wewe ukifika, mdogo wangu, hakuna atakayepotea."

Walikuwa wanatengeneza gemu. Si zile za kupanga vitufe vya rangi kwenye simu ukiwa kwenye foleni. Hii ilikuwa nchi nzima, ina mji, mito na milima, na mwisho kabisa ziwa lenye nyumba moja ukingoni. Mchezaji anashushwa mjini, anaambiwa kuna mtu anamsubiri kwenye nyumba ya ziwani, halafu anaachiwa aende atakako. Uhuru wa namna hiyo ni mtamu mwanzoni. Baadaye mtu anaanza kuuzunguka mti uleule, na akishauzunguka vya kutosha anazima mashine na kwenda kutazama mpira.

Kazi ya Dira ilikuwa kumzuia asizime. Kwenye kona ya skrini aliweka ramani ndogo ya duara, mchezaji akiwa mshale katikati, duara likizunguka kila anapogeuka ili kilicho mbele yake kikae juu siku zote. Pale anapotakiwa kwenda aliweka alama ya njano. Ikiwa mbali, alama inang'ang'ania ukingo wa duara kuonyesha upande, na chini yake umbali unapungua kadiri mtu anavyosogea. Palipo na barabara, mstari mwembamba unaifuata kona kwa kona hadi kwenye alama. Mchezaji naye aliruhusiwa kujiwekea alama zake za bluu popote apendapo, ila Dira aliziwekea kikomo, sita basi, maana watu wakiachiwa huichafua ramani kama kitambaa cha meza ya watoto.

Halafu kulikuwa na nguzo za kurukia. Hizi ni nguzo za mawe zilizosimama hapa na pale. Ukishaifikia nguzo kwa miguu yako mara moja, siku nyingine huna haja ya kutembea tena: unafungua ramani kubwa, unaichagua, na kufumba na kufumbua uko pale. Lakini mara ya kwanza lazima utembee. Hapo kaka yake hakutaka mjadala na mtu. Barabara ya kutoka mjini hadi ziwani aliijenga mwenyewe, jiwe baada ya jiwe, na alisema anayerushwa hadi mlangoni ataiona ile nyumba kama picha ya kalenda tu.

Siku moja kaka yake akaanguka mezani kwake kabla ya chakula cha mchana, kikombe kikiwa bado mkononi. Kiharusi kiliuchukua mkono wa kulia, mguu, na karibu maneno yote. Daktari hakuwaficha Dira na wifi yake: kikija kingine, wajiandae. Basi yule mtu aliyekuwa akiongea toka asubuhi hadi jioni akabaki na maneno ya kuhesabika, na moja alilitunza kwa ajili ya dada yake. Kila Jumapili Dira akiingia chumbani, kabla hata hajaketi, kaka yake humtazama na kusema, "Barabara?"

"Iko salama, kaka," Dira humjibu. "Tunapita kila siku."

Hapo mgonjwa hufumba macho, uso ukatulia, na wifi huenda kuweka chai jikoni. Dira alitoka pale kila mara akiwa na moyo mweupe. Na kwa kweli hakuwa anadanganya, au tuseme hakujua kwamba anadanganya, kitu ambacho siku ya kuumbuka hakimsaidii mtu sana.

Siku ya kuumbuka ilikuja na dereva wa lori. Kampuni ya kusambaza gemu ilimtuma msimamizi wake, mama mmoja mwenye sauti ndogo na saa kubwa, na huyo akaja na wachezaji wachache ambao hawajawahi kuiona gemu hata kwenye tangazo. Dereva ndiye aliyetangulia kukaa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, alishika kidude cha kuchezea kama ameshika usukani, na kila akipita kona mwili wake nao ulilalia upande huohuo. Alitoka mjini, akavuka daraja, akapita katikati ya bonde akiusifu mto. Dira alisimama nyuma yake, mikono kifuani, akiona raha kama mama anayetazama mwanawe akisoma mbele ya wageni.

Mlima ulipoanza, mstari mwembamba ukakatika kwenye ramani ndogo. Haukufifia, ulikatika. Alama ya njano ikabaki peke yake ukingoni mwa duara, ikielekeza moja kwa moja mbele, na mbele palikuwa na ukuta wa jabali.

"Sasa hapa vipi?" dereva akauliza. "Ramani yenu inanipeleka ukutani."

"Jaribu kulia kidogo," Dira akasema, ingawa waliahidiana kutosema kitu.

Dereva akajaribu kulia. Akajaribu kushoto. Akapanda, akateleza, akapanda tena. Umbali chini ya alama ulipungua kidogo, ukaongezeka, ukapungua, maana alama haijui jabali wala shimo, inapima kama ndege anavyoruka. Mwishowe akakiweka kidude mezani kwa upole. "Mimi nimeendesha usiku na mvua," akasema, "lakini pale palipo na barabara. Hapa hapana barabara, jamani." Wenzake waliomfuata walikwama palepale, na wa mwisho hata hakupanda. Aliona mstari umekatika akarudi zake mtoni kuvua samaki.

Msimamizi aliandika kitu kwenye simu yake, akawaita Dira na Kipara pembeni. Kipara alikuwa mwandika programu wao, kijana aliyepoteza nywele mapema na kulipokea jina hilo kwa moyo mkunjufu.

"Nguzo ya ziwani ifungueni tangu mwanzo," mama yule akasema. "Mchezaji aruke kutoka mjini, amalize. Halafu hilo bonde na mlima mviondoe kabisa. Eneo zito hivyo kwa mashine, na hakuna atakayekanyaga, la nini?"

"Hiyo barabara ndiyo gemu yenyewe," Dira akasema.

"Basi nionyeshe mtu anayepita. Ijumaa nafunga kazi. Mkiwa na njia, nitaiacha. Msipokuwa nayo, naikata, na msininunie."

Alipoondoka, Dira alikaa kwenye kiti cha dereva, kikiwa bado na joto, akaanzisha safari mpya kutoka mjini. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Hapo ndipo aibu ilipoanza kumpanda, polepole. Studio nzima walikuwa na kitufe chao cha siri kinachofungua nguzo zote kwa mpigo. Anayerekebisha maji ya ziwa anaruka ziwani, anayerekebisha taa za mji anaruka mjini, kila mmoja anadondokea kwenye kazi yake. Nani ana muda wa kutembea? Alama ya njano ilifika sifuri kila siku mbele ya macho yao, na kila siku waliamini kwamba wamepita.

Alipofika mlimani hakuifuata alama. Aliutazama mlima wenyewe, na baada ya kuhangaika sana akaona kijia nyuma ya jabali, chembamba, cha kokoto. Kilikuwa kizuri kupita maelezo. Kila kona ilikuwa na mti mdogo uliolala upande wa upepo, na palipo na mteremko mkali palikuwa na jiwe bapa la kukanyagia. Akapanda kona ya kwanza, ya pili, akaanza hata kutabasamu. Kisha mti ukawa mmoja tu uliosimama wima, haujalazwa upepo, na mbele yake kokoto zikaisha. Ardhi iliyofuata ilikuwa ya kijivu, haina jani, haina kivuli, kama ukuta kabla ya rangi.

Dira alielewa bila kuambiwa. Ule ulikuwa mti wa mwisho kabla ya kiharusi. Kaka yake aliishia pale, na wao, kwa miezi yote ile, walikuwa wakiruka juu ya mahali alipoangukia, asubuhi na jioni, wakicheka na kuulizana nani ameleta karanga. Alilia mpaka Kipara akaja kumzimia skrini.

"Tutaimalizia," Kipara akasema. "Tuchore njia yoyote ifike."

Walijaribu. Chombo cha kompyuta kinachotafuta njia chenyewe kilichora mstari uliopita ndani ya jabali kama sindano. Walichora kwa mkono, mchezaji akateleza. Walibomoa upande mmoja wa mlima, maporomoko ya maji yakakosa pa kutokea yakabaki yananing'inia hewani, wakalazimika kuurudisha ulivyokuwa. Kaka yake alikuwa na mtindo wake: huuchonga mlima kwanza, mzima, akijua kichwani kijia kitapita wapi, halafu ndipo hutandaza kokoto. Mahali pa kupita palikuwepo, kwenye matuta na mabega ya mlima ule, ila hakuna aliyejua ni lipi linafuata lipi. Hakuandika popote. Alikuwa mtu wa kusema, na kusema kwenyewe ndiko kulikochukuliwa.

"Kamuulize," Kipara akasema Alhamisi asubuhi.

"Nitamuulizaje? Nimekuwa nikimwambia tunapita kila siku. Unataka nikamuue?"

"Sasa kesho huyu mama akikata, Jumapili utamwambia nini?"

Dira alifunga kompyuta ya mkononi kwenye begi, akachukua kidude cha kuchezea, akaondoka. Njiani alijikuta amepitiliza nyumba ya kaka yake, akarudi, akapitiliza tena, na safari hii si kwa sababu ya kupotea.

Wifi alimfungulia akiwa na kitambaa cha jikoni begani. "Wifi, leo si Jumapili," akasema, kisha akamtazama usoni akaacha utani.

Kaka yake alikuwa ameegemezwa mito, dirisha wazi, redio ikisema chini kwa chini. Alipomwona alifurahi kwa nusu ya uso iliyobaki. "Barabara?"

Dira aliwasha kompyuta, akaiweka kwenye meza ndogo ya mgonjwa ya kulia chakula, akamwekea kidude kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa amepanga maneno tangu alipotoka studio. Yote yakamkimbia. "Tembea, kaka," akasema. "Tembea mwenyewe."

Basi akatembea. Kidole gumba cha kushoto hakikuzoea kazi hiyo, na yule mtu wa ndani ya skrini alikwenda upogoupogo kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Alivuka daraja. Bondeni alisimama kidogo, akaugeukia mto, akautazama. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake chini ya kiwiko cha mumewe ili kisichoke. Mstari ulipokatika, mgonjwa wala hakushtuka. Aliiacha alama, akazunguka jabali, akakiingia kijia chake kama mtu anayeingia uani kwake kwa mlango wa nyuma. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Dira alitaka kufumba macho akashindwa.

Ukafika ule mti uliosimama wima. Kidole kikasita. Mtu wa kwenye skrini akasogea hatua kidogo, akasimama ukingoni mwa kijivu.

Kaka yake aliikagua ile ardhi tupu, na Dira akaona jambo ambalo hakulifikiria hata siku moja: kwamba mwenyewe naye alidhani ameimaliza. Ugonjwa ulikuwa umemchukulia hata kumbukumbu ya siku ile. Miezi yote amelala pale akiamini barabara imefika ziwani, na dada yake amekuwa akimthibitishia kila Jumapili juu ya kikombe cha chai.

"Mna…" akasema. Mdomo ukamgomea. Akaanza tena. "Mnapita?"

"Hatukupita, kaka." Sauti ilimtoka Dira vipande vipande. "Hata mara moja. Tulikuwa tunaruka. Alama ilisema tumefika, nikaamini. Nisamehe. Kesho wanaikata, bonde lote, na mlima, na hatujui ulitaka ipite wapi. Hatujui."

Kaka yake akageuzia uso ukutani. Wifi akamtazama Dira, macho yamejaa, akatikisa kichwa kidogo kumwambia asiseme tena. Dira akainuka kwenda kufunga kompyuta. Alitaka kutoka mle chumbani, alitaka kwenda popote pasipo na mtu anayemjua.

Mkono wa kushoto ukamzuia. Haukumshika yeye, ulishika kidude. Kaka yake aligeuka, akaitazama skrini kwa hasira, hasira ya zamani, ile ya kazini, ya mtu aliyekuta kigae kimepachikwa kombo. Akabonyeza, ramani kubwa ikafunguka. Ile nguzo ya ziwani ilikuwa inamulika pale, Dira aliiacha wazi kwa mazoea ya kazi, na alidhani anajua kaka yake anachotaka kufanya: ataruka, aione nyumba mara moja, yaishe.

Hakuruka. Alisogeza kielekezi polepole hadi kwenye bega la mlima juu kidogo ya ule mti, akabonyeza. Alama ya bluu ikadondoka. Akasogeza tena, akakosea, akafoka bila maneno, akarudi, akabonyeza. Ya pili ilikwenda nyuma ya maporomoko ya maji. Dira aliona hapo ndipo walipopabomoa, akauma mdomo. Ya tatu ikateremka badala ya kupanda, mahali ambapo hakuna mtu angefikiri, na ghafla Dira akaona mlima wote ulivyofunuka: unashuka kwanza ndipo unapata tuta la kupandia. Ya nne. Ya tano. Jasho lilikuwa linamtiririka kaka yake shingoni.

"Pumzika, mume wangu," wifi akasema.

"Bado," akasema. Lilikuwa neno jipya. Hawakulisikia tangu augue.

Ya sita ikadondoka kwenye mgongo wa mlima, na ziwa bado lilikuwa mbali. Akasogeza kielekezi, akabonyeza. Mashine ikatoa mlio mfupi wa kukataa, na maandishi yakatokea katikati ya skrini, yaleyale ambayo Dira aliyaandika mwenyewe kwa kuona raha: *Alama zako zimekwisha.*

Akabonyeza tena. Mlio. Tena. Mlio. Nusu ile ya uso iliyobaki ikakunjamana kama ya mtoto aliyefungiwa mlango.

"Ngoja, kaka, ngoja usibonyeze!" Dira alipiga magoti sakafuni, akajivutia kompyuta, akazihifadhi zile sita kwanza, vidole vyake navyo vikikosea kila herufi. Akafungua ndani ya programu, mahali anapopajua yeye peke yake, akaitafuta namba yake ndogo ya kiburi, ile sita. Ilikuwepo, imekaa kimya. Akaiongezea sifuri. Akafikiri, akaiongezea nyingine, kisha akairudisha ramani mbele ya mgonjwa, alama zote sita zikiwa mahali pake.

"Weka," akamwambia, analia bila kujificha. "Weka unazotaka. Nakufuata."

Wifi akainua kile kiwiko. Kidole gumba kikatafuta kitufe, kikateleza, kikakipata. Mbele ya alama ya sita ikadondoka ya saba.